Njia ya Miguu Ndani ya Pikseli Thelathini na Tano: Mhadhara juu ya Kunoa Picha za Setilaiti za Kamango

Kamango iko kaskazini-mashariki mwa wilaya ya Beni, katika eneo la utawala wa kimila wa Watalinga, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Anayetoka Beni kwenda huko hupita Mbau, kisha hushika barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Virunga na kuvuka mto Semuliki. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1925, na sehemu yake ya kaskazini ni msitu mzito wa bondeni, wenye miti ambayo vilele vyake hukaribiana hadi ardhi isionekane kutoka juu. Mwezi Julai 2013 waasi wa ADF walipoushambulia mji wa Kamango, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya msitu huo imekuwa mahali ambapo mchora ramani hawezi kutembea na daftari lake. Anachobaki nacho ni picha ya kutoka angani.

Picha hiyo inapatikana bila malipo. Setilaiti za Sentinel-2 za mpango wa Kopernikasi wa Ulaya, ya kwanza iliyorushwa Juni 2015 na ya pili Machi 2017, zilipangwa kupiga kila mahali karibu na ikweta kila baada ya siku tano zikifanya kazi mbili pamoja. Katika mkanda wa rangi nyekundu, pikseli moja inawakilisha mraba wa ardhi wenye mita 10 kwa mita 10. Majani hufyonza mwanga mwekundu, kwa hiyo msitu huonekana mweusi. Udongo ulio wazi huurudisha mwanga huo, kwa hiyo shamba lililolimwa, uwanja wa shule au barabara ya vumbi huonekana vyeupe zaidi. Tofauti hiyo ndiyo malighafi ya mhadhara huu.

Swali lenyewe ni dogo. Njia ya miguu yenye upana wa mita moja inapita katikati ya msitu. Je, inaweza kuonekana katika picha ambayo pikseli yake ni pana mara kumi kuliko njia yenyewe? Na ikiwa inaonekana kwa shida, je, kuinoa picha kunaleta ukweli zaidi au kunaleta mng'ao tu?

Tuchukue namba za darasani, zilizochaguliwa ili hesabu iende sawa kichwani, kwa kipimo cha kawaida cha picha za kompyuta ambamo 0 ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili. Msitu uwe 40. Udongo mtupu uwe 130. Njia ya mita moja ikipita moja kwa moja ndani ya pikseli ya mita kumi, inachukua sehemu moja ya kumi ya eneo lake, na sehemu tisa zinazobaki ni msitu. Kamera haiwezi kuzitenganisha, hivyo inatoa wastani: sehemu tisa za 40 ni 36, sehemu moja ya 130 ni 13, jumla 49. Basi njia inaingia katika picha kama mstari wa 49 uliozungukwa na 40. Ni tofauti ya hatua tisa kati ya hatua 256, na jicho la mtu aliyekaa mbele ya skrini ya kawaida hulipita jambo hilo bila kuliona. Kwa setilaiti ya Landsat 8, ambayo pikseli yake katika mkanda huo ni ya mita 30, njia hiyohiyo ingetoa 43 tu.

Hiki hapa kipande cha picha, safu mlalo tano na safu wima saba. Njia inashuka katika safu wima ya pili. Katika safu wima ya sita kuna pikseli moja pekee yenye 49 ambayo si njia. Huenda ni kelele ya kifaa cha kupokea mwanga, huenda ni ukingo wa kiwingu, huenda ni mti ulioanguka juzi na kuacha tundu. Kwa sasa iitwe doa.

```
40 49 40 40 40 40 40
40 49 40 40 40 40 40
40 49 40 40 40 49 40
40 49 40 40 40 40 40
40 49 40 40 40 40 40
```

Njia ya kunoa inayozungumziwa hapa ni ya zamani kuliko kompyuta. Mafundi wa chumba cha giza walichukua negativu ya kioo, wakatengeneza nakala yake chanya kwenye filamu, lakini kwa makusudi waliacha nafasi kidogo kati ya kioo na filamu ili nakala itoke na ukungu. Kisha walizipanga negativu na nakala hiyo moja juu ya nyingine, zikalingana sawasawa, na kupitisha mwanga katika zote mbili. Maeneo mapana yenye mwanga au giza yalifutana, kwa sababu nakala yenye ukungu iliyabeba maeneo hayo vizuri. Vitu vyembamba havikufutwa, kwa sababu ukungu ulikuwa umeviyeyusha katika nakala. Nakala hiyo ndiyo kinyago: inafunika kilicho kipana na kuacha wazi kilicho chembamba. Katika miaka ya 1970 David Malin, mpigapicha wa anga za mbali katika kituo cha Anglo-Australian, aliitumia mbinu hii kwenye sahani za kioo na kutoa maumbo hafifu yaliyokuwa yamezama ndani ya mwanga mkali wa galaksi.

Kompyuta inafanya yaleyale kwa hatua tatu: kutia ukungu, kutoa, kujumlisha.

Hatua ya kwanza ni kutia ukungu. Njia rahisi kuliko zote ni kubadilisha kila pikseli kwa wastani wa dirisha la pikseli tisa, yenyewe katikati na majirani zake nane. Pikseli ya njia ina katika dirisha lake pikseli tatu za 49 na sita za 40. Jumla ni 387, na 387 kugawanya kwa 9 ni 43. Jirani yake wa kushoto na wa kulia pia wana pikseli tatu za njia ndani ya madirisha yao, kwa hiyo nao wanakuwa 43. Doa lina hali tofauti: katika dirisha lake liko peke yake dhidi ya pikseli nane za 40, jumla 369, wastani 41. Majirani zake wote nane wanaliona mara moja kila mmoja, nao wanakuwa 41. Pikseli za pembezoni mwa picha hazina majirani wa upande mmoja. Hapa mstari wa pembeni unarudiwa nje ya ukingo, na huo ni uamuzi ambao lazima ufanywe waziwazi. Programu inayojaza sifuri badala yake itaweka fremu nyeusi ya uongo kuzunguka picha yenye ukungu, na baada ya kunoa fremu hiyo itageuka kuwa mwanga mkali pembezoni pote. Anayeona ukingo unaong'aa katika picha iliyonolewa aangalie hapo kwanza.

```
43 43 43 40 40 40 40
43 43 43 40 41 41 41
43 43 43 40 41 41 41
43 43 43 40 41 41 41
43 43 43 40 40 40 40
```

Hatua ya pili ni kutoa picha yenye ukungu kutoka katika picha ya asili. Kinachobaki ni kile ambacho ukungu ulikipoteza.

```
-3  6 -3  0  0  0  0
-3  6 -3  0 -1 -1 -1
-3  6 -3  0 -1  8 -1
-3  6 -3  0 -1 -1 -1
-3  6 -3  0  0  0  0
```

Jedwali hili linastahili kutazamwa kwa utulivu. Msitu mtupu umekuwa sifuri, maana hapo hapakuwa na kitu cha kupotea. Njia imekuwa 6 na majirani zake -3. Namba hizo hasi zina kazi kubwa: zinachimba weusi kando ya mstari ili weupe wake uonekane zaidi. Programu nyingi hulikosea jambo hili. Ikiwa picha imehifadhiwa kama namba kamili za baiti moja, ambazo haziwezi kwenda chini ya sifuri, basi ama -3 inakatwa na kuwa 0, na sehemu ya kazi inapotea kimyakimya, ama inazunguka na kuwa 253. Katika hali hiyo ya pili, anayetaka kuongeza nusu tu ya tofauti atapata 126 mahali alipotarajia -1.5, na kando ya njia yake patatokea mistari miwili ya weupe mkali. Dawa yake ni kubadilisha namba ziwe za desimali kabla ya hatua ya kutoa, si baada yake.

Hatua ya tatu ni kurudisha tofauti hiyo juu ya picha ya asili, ikiwa imezidishwa kwa namba moja, k. Ikiwa k ni 1, huko ndiko kunoa kwa kinyago chenye ukungu kwa maana yake ya kawaida. Ikiwa k ni zaidi ya 1, mbinu inaitwa kichujio cha mkazo wa juu. Kwa k sawa na 1:

```
37 55 37 40 40 40 40
37 55 37 40 39 39 39
37 55 37 40 39 57 39
37 55 37 40 39 39 39
37 55 37 40 40 40 40
```

Njia sasa ni 55 kati ya 37 na 37. Tofauti ya hatua tisa imekuwa kumi na nane, imeongezeka mara mbili kamili. Kwa k sawa na 2, safu ya katikati inakuwa 34, 61, 34, 40, 38, 65, 38, na njia inasimama hatua 27 juu ya majirani zake. Kila ongezeko la moja katika k linaongeza hatua tisa nyingine. Mstari uliokuwa umejificha unaonekana wazi, na mchora ramani anaweza kuufuata kwa kalamu.

Anayependa kujaribu mwenyewe anaweza kulipata jedwali la k sawa na 1 kwa mistari michache ya Python:

```python
import numpy as np
from scipy.ndimage import uniform_filter

f = np.full((5, 7), 40.0)
f[:, 1] = 49
f[2, 5] = 49

m = f - uniform_filter(f, size=3, mode="nearest")
k = 1
g = np.clip(f + k * m, 0, 255)
print(g.round())
```

Nukta ya desimali katika `40.0` ndiyo inayofanya namba ziwe za desimali tangu mwanzo, na `mode="nearest"` ndiyo inayorudia ukingo.

Katika vitabu vya fani hii kuna mtego mmoja unaowasumbua wanafunzi, nao unahusu huo mkazo wa juu. Matoleo mapya ya kitabu cha Rafael Gonzalez na Richard Woods yanaandika kanuni kama ilivyo hapa juu, f + k·m. Maandishi ya zamani zaidi yanatumia herufi A na kuandika A·f kutoa picha yenye ukungu. A ikiwa 2, matokeo ni yaleyale ya k sawa na 1: mara mbili ya 49 ni 98, toa 43, inabaki 55. Lakini A ikipandishwa hadi 3, mwanafunzi anayetarajia ukali zaidi anapata msitu wa 80, njia ya 104 na majirani wa 77. Picha nzima imeng'aa, na tofauti ya 27 inaonekana kubwa. Haijawa kubwa. Ugawe kila kitu kwa 2 ili msitu urudi kwenye 40, na njia inakuwa 52 kati ya 38.5, ambayo ni kunoa kwa k ya nusu tu. Katika kanuni hiyo ya zamani, kuongeza A kunaongeza mwanga na kupunguza ukali kwa uwiano. Mtu anayechukua namba kutoka kitabu kimoja na kuiweka katika programu iliyofuata kitabu kingine hupata kinyume cha alichotaka, na hana la kumwonya isipokuwa weupe wa picha yote.

Sasa doa. Kabla ya kunoa, njia na doa vilikuwa sawa, 49 na 49. Baada ya kunoa kwa k sawa na 1, njia ni 55 na doa ni 57. Kwa k sawa na 2, njia ni 61 na doa ni 65. Kichujio kimependelea kitu ambacho huenda hakipo ardhini kuliko njia ambayo watu wanapita. Hii si bahati mbaya ya namba zilizochaguliwa. Njia inajaza theluthi ya dirisha la pikseli tisa, kwa hiyo inachangia theluthi ya ukungu wake yenyewe na kujipunguza. Doa linajaza sehemu moja ya tisa tu, kwa hiyo karibu lote linabaki katika tofauti. Dirisha likipanuliwa kuwa la pikseli tano kwa tano, njia inapata tofauti ya 7.2 na doa 8.64. Pengo linapungua kwa uwiano, lakini doa bado liko mbele, na vivuli vya kando ya njia vinaenea pikseli mbili kila upande badala ya moja. Dirisha lolote la mraba litafanya vivyo hivyo, kwa sababu kitu cha nukta moja daima hujaza dirisha kidogo kuliko mstari.

Programu ya GIMP, ambayo wengi huitumia kwa picha za kawaida, ina chombo kiitwacho Unsharp Mask chenye vitufe vitatu: Radius kwa upana wa ukungu, Amount kwa kile tulichokiita k, na Threshold, kizingiti ambacho tofauti ndogo kuliko hicho huachwa bila kuguswa. Watu hukimbilia kizingiti wakiamini kwamba kitazuia kelele. Hebu tukipime kwenye jedwali letu, kwa hesabu yetu ya dirisha la tisa. Kizingiti cha 5 kinaacha 6 ya njia ipite na kuzuia -3 za kando, pamoja na -1 zote. Njia inakuwa 55 kati ya 40 na 40, na doa 57. Kizingiti cha 7 kinaizuia njia yote na kuliacha doa. Hakuna kizingiti hata kimoja kinachoweza kuacha njia na kuzuia doa, kwa sababu doa lina tofauti kubwa zaidi. Kizingiti kinafaa dhidi ya chengachenga hafifu zilizotapakaa msitu mzima, zenye tofauti za moja au mbili. Dhidi ya nukta moja yenye nguvu hakina msaada.

Wengine hupitisha kwanza kichujio cha kati, kile kinachopanga namba tisa za dirisha kwa ukubwa na kuchukua ya tano. Kwa doa kinafanya kazi safi: nane ni 40, moja ni 49, ya tano ni 40, doa limekwisha. Lakini katika dirisha la njia, sita ni 40 na tatu ni 49. Ya tano ni 40 tena. Njia nayo imefutwa, yote, kutoka juu hadi chini, na baada ya hapo hakuna k itakayoirudisha. Kwa mtafuta njia za msituni, kichujio hiki ni hatari zaidi ya kelele yenyewe, kwa kuwa kinaacha picha safi inayotuliza macho.

Kinachotenganisha njia na doa hakimo ndani ya picha moja. Kimo katika muda. Njia ya miguu iko mahali palepale wiki ijayo. Kelele ya kifaa haipo, na ukingo wa kiwingu umeshasogea. Basi zichukuliwe picha tatu za tarehe tofauti zilizolingana vizuri, na kila pikseli ipewe wastani wa tatu hizo. Njia inabaki 49. Doa, lililokuwemo katika picha moja tu, linakuwa jumla ya 40, 40 na 49 kugawanya kwa 3, yaani 43. Ukungu wake sasa ni 40.33, tofauti ni 2.67, na baada ya kunoa kwa k sawa na 1 linafika karibu 46, huku njia ikiwa 55 kama mwanzo. Kwa k sawa na 2 doa linafika karibu 48 na njia 61. Mpangilio umepinduka, na sasa hata kizingiti kinapata kazi: kikiwekwa 4, kinaacha njia na kulizima doa.

Picha tatu za tarehe tofauti ni neno rahisi kulitamka, na huko Kamango ni kazi kuzipata. Setilaiti inapita kila siku tano, lakini bonde la Semuliki liko chini ya milima ya Rwenzori, karibu na ikweta, na mawingu hulifunika mara kwa mara. Anayesubiri picha tatu safi anaweza kuvuka msimu, na katika msimu mmoja njia huweza kufunikwa na majani au shamba jipya la kakao kufunguliwa kando yake. Kwa hiyo tarehe za picha zilizochanganywa lazima ziandikwe kwenye ramani yenyewe. Kuna faida nyingine hapo. Doa linalobaki 49 katika picha zote tatu si kelele tena. Ni kitu kilicho ardhini, labda uwazi mdogo, labda paa la bati, na linastahili kuulizwa kwa wenyeji badala ya kufutwa.

Vivuli vya kando navyo vina madhara yake, hasa pale ambapo msitu unakutana na shamba. Ukingo wa namna hiyo mara nyingi huingia katika picha ukiwa umelainika, kwa mfano 40, 40, 40, 52, 70, 82, 82, 82. Kwa ukungu wa wastani wa tatu na k sawa na 1, safu hii inakuwa 40, 40, 36, 50, 72, 86, 82, 82. Mruko wa katikati umekua kutoka 18 hadi 22, na mahali pa mpaka penyewe hapakusogea: nusu ya njia kati ya 40 na 82 ni 61, na kabla na baada ya kunoa 61 inaangukia kati ya pikseli ya nne na ya tano. Kwa kuchora mstari wa mpaka, kunoa ni msaada wa kweli. Lakini tazama 36 na 86. Msitu umepata pikseli nyeusi kuliko msitu wowote uliopo hapo, na shamba limepata pikseli nyeupe kuliko shamba lenyewe. Mtu akiwa na kanuni isemayo kila pikseli iliyo chini ya 38 ni msitu mzito zaidi, picha ya asili itampa sifuri na picha iliyonolewa itampa ukanda wa pikseli moja unaofuata mpaka wote. Kwenye mpaka wa kilomita moja hizo ni pikseli 100, kila moja mita za mraba 100: hekta moja ya msitu mzito iliyoletwa na kichujio. Mpaka wa hifadhi unaopakana na mashamba una urefu wa kilomita nyingi.

Kwa sababu hiyo kazi mbili hazipaswi kuchanganywa. Picha iliyonolewa ni ya jicho, ya kufuatia mstari kwa kalamu. Hesabu za eneo, za afya ya majani na za aina ya mimea zifanywe kwenye namba za asili. Njia ya kukagua kama picha uliyopewa imeshanolewa na mtu mwingine ni kukata safu moja kupitia ukingo mkali, kwa mfano ukingo wa mto au wa uwanja, na kuzisoma namba. Zikishuka chini ya kiwango cha upande mweusi kabla ya kupanda, kisha zikapita kiwango cha upande mweupe na kurudi, picha hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imenolewa. Ramani nyingi za mandhari ya nyuma zinazopatikana kwenye simu zimeshapitia hatua hiyo, na kuzinoa tena kunaongeza kivuli juu ya kivuli.

Kunabaki swali la upana, ambalo ndilo watu huuliza mara tu wanapouona mstari: je, ni njia ya mtu au inapitika kwa pikipiki? Hapa hesabu inafika mwisho wa uwezo wake. Njia ya mita moja yenye udongo mtupu wa 130 ilitoa 49. Njia ya mita mbili iliyoota majani nusu, yenye wastani wa 85, inachukua sehemu mbili za kumi za pikseli: sehemu nane za 40 ni 32, sehemu mbili za 85 ni 17, jumla 49. Njia hizo mbili ni tofauti kabisa kwa anayepita na gunia la kakao, lakini kwa kamera ni namba moja, na kutoka namba moja ukungu utakuwa uleule, tofauti ileile ya 6, na 55 ileile mwishoni; hata k au dirisha likibadilishwa, njia zote mbili zitatoa namba zilezile. Mchora ramani huweka mstari mwembamba mahali pa ile safu ya 55, anaandika tarehe za picha zake tatu, na katika safu ya upana anaacha wazi hadi apatikane mtu aliyeipita njia hiyo.